Barua mbili za mwezi mmoja: ipi uwapelekee walioweka pesa kwenye biashara yako?

Biashara yetu hununua viazi Molo na Mau Narok, huvichagua kwenye stoo hapa Nakuru, kisha huvipeleka kwa vibanda vya chipsi, shule na hoteli. Walioweka pesa ndani yake ni watu sita. Wawili ni wafanyakazi wa ofisi Nairobi, mmoja yuko ughaibuni, wawili ni wafanyabiashara wa hapa mjini, na wa sita ni mwalimu mstaafu wa Njoro. Kila tarehe 5 huwa wanapata barua pepe moja kutoka kwangu, kwa kuwa ndimi ninayeshika vitabu.

Barua ya Septemba niliiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa tayari kutumwa. Mwalimu, ambaye kusoma kwenye simu humchosha macho, alinipigia akaniomba nimsomee. Nikamsomea yote mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana wangu, hongera, mauzo yamepanda. Sasa pesa iko wapi?"

Nilifungua taarifa ya benki mbele yangu nikaona kwamba siwezi kumjibu kwa kutumia barua niliyoiandika mwenyewe. Ndipo nikakaa chini kuandika ya pili. Nitaziweka zote mbili hapa, kwa sababu watu wengi wanaoanza kuandikia wawekezaji huchagua kati ya hizi mbili bila kujua kwamba wanachagua.

Ya kwanza ilianza hivi:

> Wapendwa wawekezaji, Septemba ulikuwa mwezi mzuri sana kwetu. Mauzo yamepanda kwa asilimia 18 na tumepata hoteli mbili mpya. Timu inaendelea kujituma licha ya changamoto za mvua. Tunaamini miezi mitatu ijayo itakuwa bora zaidi. Tunaomba mtusaidie kupata wateja wengine. Ripoti kamili imeambatishwa.

Hakuna neno la uongo hapo. Mauzo yalipanda kweli, na hoteli mbili ziliingia kweli. Ripoti iliyoambatishwa ilikuwa na kurasa 11 na picha nzuri za magunia.

Ya pili ilianza kwa sentensi moja, "Mwezi huu tumeuza zaidi lakini pesa benki imepungua kwa shilingi 540,000, na sababu kubwa ni hoteli tulizozipa viazi kwa mkopo." Chini yake jedwali hili, ndani ya barua yenyewe na si kwenye kiambatisho:

| | Agosti | Septemba |
|---|---|---|
| Mauzo (ankara zote tulizotoa) | 2,050,000 | 2,420,000 |
| Pesa iliyoingia kutoka kwa wateja | 1,980,000 | 1,950,000 |
| Pesa iliyotoka | 2,160,000 | 2,490,000 |
| Pesa benki na M-Pesa, siku ya mwisho ya mwezi | 2,190,000 | 1,650,000 |
| Wateja wanatudai sisi viazi, sisi tunawadai pesa | 410,000 | 880,000 |
| Viazi vilivyoharibika kati ya tulivyonunua | asilimia 4 | asilimia 7 |

Mstari wa tano, yaani pesa ambayo wateja hawajatulipa, niliuandika kwa mzaha, na mwalimu akacheka, nikauacha. Mingine ni mikavu, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Tuanze na namba, maana tofauti kubwa ya barua hizi iko hapo. Barua ya kwanza ina namba moja tu, asilimia 18, na ni namba ambayo mwandishi aliichagua baada ya kuona mwezi umekwendaje. Hilo ndilo tatizo lake. Agosti, mauzo yalipolala, barua ya mtindo huu ingetaja idadi ya vibanda. Oktoba ingetaja kitu kingine. Msomaji hana njia ya kulinganisha mwezi na mwezi, kwa hiyo hubaki akitegemea sauti ya barua: kama mwandishi amechangamka, mambo ni mazuri. Barua ya pili ina mistari ileile, kwa mpangilio uleule, kila mwezi, pamoja na mwezi uliotangulia pembeni. Mwezi ambao mstari mmoja unaaibisha, mstari huo hauondolewi. Baada ya miezi mitatu wasomaji wangu walikuwa wanajua pa kutazama kwanza, na mmoja wa Nairobi aliniambia husoma mstari wa nne tu kwanza, kisha ndipo huamua kama ataketi.

Sasa chukua jedwali hilo na umjibu mwalimu. Pesa iliyotoka ukiondoa iliyoingia ni 540,000. Lakini je, hizo zote zimeliwa? Magunia tuliyonunua Septemba ni 860 ya kilo 50, kila moja kwa wastani wa shilingi 2,200 likiwa limefika stoo, jumla 1,892,000. Tuliuza magunia 800 kwa 3,025. Mauzo ukiondoa gharama ya viazi ni 528,000. Mishahara, kodi ya stoo, mafuta ya pikapu na vingine vidogo vidogo vilikuwa 598,000. Kwa hiyo biashara yenyewe ilipata hasara ya 70,000 tu, na Agosti hasara hiyo ilikuwa karibu 110,000. Kwa maneno mengine, biashara ilikuwa inaelekea pazuri huku akaunti ikikauka. Shilingi 470,000 zilizobaki ni zile ambazo deni la wateja liliongezeka, kutoka 410,000 hadi 880,000. Vibanda vya chipsi hulipa papo hapo, kwa till, kabla gunia halijashuka kwenye pikapu. Hoteli hulipa baada ya siku 30, na nyingine husubiri 45. Tulipohama kidogo kutoka vibanda kwenda hoteli, mauzo yakapanda na pesa ikachelewa.

Hayo yote yanaingia kwenye barua kwa sentensi tatu: tumepoteza 70,000 kwa kufanya kazi, 470,000 ziko mikononi mwa wateja, na kati ya 880,000 tunazodai, 640,000 ziko kwa hoteli tatu. Barua ya kwanza haiwezi kusema sentensi hizo kwa sababu haina mahali pa kuzishika. Ukiandika mauzo bila kuandika pesa iliyoingia, umeficha jambo hata kama hukukusudia.

Kuna swali moja ambalo wawekezaji hawaachi kuliuliza, nalo ni pesa iliyobaki itatupeleka miezi mingapi. Hapa barua ya pili ina mtego wake, na mimi nilitumbukia. Nikigawanya 1,650,000 kwa upungufu wa Septemba, 540,000, napata miezi 3. Nikichukua wastani wa miezi mitatu, yaani 210,000 za Julai, 180,000 za Agosti na 540,000 za Septemba, wastani ni 310,000 na jibu ni miezi 5 na kidogo. Namba mbili, zote sahihi, na mwandishi mwenye haraka atachukua ile inayompendeza. Nilipoandika rasimu nilichukua ya miezi 5. Kisha nikajiuliza, Oktoba hoteli zitarudi kulipa papo hapo? Hapana. Basi wastani wa miezi iliyopita unaficha mabadiliko ambayo hayatarudi nyuma. Nikaandika zote mbili: "Kwa mwendo wa Septemba, miezi 3. Kwa wastani wa robo mwaka, miezi 5. Mimi napanga kwa miezi 3." Sentensi ya mwisho ndiyo waliyoijibu.

Kwenye biashara ya msimu kama yetu, wastani wa miezi mitatu hufaa pale ambapo mwezi mmoja una tukio la kupita, kwa mfano ulipolipa kodi ya stoo ya miezi sita kwa mkupuo. Mwendo wa mwezi mmoja hufaa pale ambapo jambo lenyewe limebadilika. Ukishindwa kuamua ni lipi, andika zote mbili na useme unapanga kwa ipi.

Kwenye ushindi barua hizi zinakaribiana, sitakaa hapo. Ya kwanza ilisema "hoteli mbili mpya". Ya pili ilisema hoteli mbili mpya zimechukua magunia 95 Septemba, na moja yao imeagiza tena mara tatu. Kuagiza tena ndiko ushindi; kupata mteja ni mwanzo tu.

Kwenye matatizo zinaachana kabisa. "Changamoto za mvua" ni maneno ambayo Mkenya yeyote anaweza kuyaandika mwezi wowote. Kilichotokea ni hiki. Viazi vingi tunavyopata ni shangi, ambavyo wapishi wa chipsi wanavipenda kwa kuwa vinaiva haraka, lakini havikai. Vinaota mapema kuliko aina nyingine. Mwezi huo wakulima waliharakisha kuvuna kabla barabara za Mau Narok hazijawa tope, wakachimba viazi ambavyo ngozi yake haijakomaa. Ukipitisha kidole gumba juu ya kiazi cha namna hiyo, ngozi inatoka kama ya nyanya iliyochemshwa. Kikigongwa kwenye gunia kinachubuka, kikichubuka kinaoza, na kimoja kinaambukiza vilivyo karibu. Magunia 60 kati ya 860 yalikwisha hivyo. Kwa bei ya kununulia ni shilingi 132,000, karibu mara mbili ya hasara yetu yote ya kufanya kazi.

Barua ya pili ilisema hivyo, ikaongeza tunachofanya: kuanzia Oktoba tunanunua tu kwa mkulima aliyekata majani ya viazi wiki mbili kabla ya kuchimba, na mnunuzi wetu anafanya lile jaribio la kidole gumba shambani, viazi kumi kwa kila gunia la mfano. Ikasema pia tutajuaje kama imefaa: mstari wa sita wa jedwali urudi kwenye asilimia 4. Ona kwamba mstari huo tayari ulikuwepo, hivyo hatukuhitaji kuahidi ripoti mpya. Barua ya mwezi unaofuata ingetusema yenyewe.

Baadhi ya wenzangu huogopa kuandika tatizo kwa kina namna hii. Wanasema mwekezaji atatishika. Nimeona kinyume chake: anayetishika ni yule anayesoma "changamoto" na kuanza kukisia ukubwa wake. Lakini kuna mpaka. Sikuzitaja hoteli tatu kwa majina, na sikutaja mkulima aliyetuuzia mzigo mbovu. Barua pepe husambazwa. Ukitaja jina la mteja anayechelewa kulipa, ujue siku moja atalisoma.

Sasa ombi, ambalo ndilo sababu ya barua ya kwanza kunikosesha usingizi baada ya simu ya mwalimu. "Tunaomba mtusaidie kupata wateja wengine." Angalia tena jedwali. Wateja ambao watu wa ofisi Nairobi wanaweza kutuunganisha nao ni nani? Hoteli na mikahawa mikubwa, yaani walewale wanaolipa baada ya siku 45. Kama wote sita wangeitikia ombi lile kwa bidii, wangetusukuma kwenye shimo tulilokuwa tunajaribu kulitoka. Ombi halikutoka kwenye tatizo. Lilitoka kwenye mazoea ya kuomba wateja.

Ombi la barua ya pili lilitoka kwenye mstari wa tano. Tunadai 640,000 kwa hoteli tatu zinazolipa, ila polepole. Kuna wakopeshaji wanaokupa sehemu ya pesa ya ankara sasa, kisha wanalipwa mteja wako anapolipa. Shida ni kwamba wengi hawataki ankara ndogo. Kwa hiyo niliandika:

> Ombi moja mwezi huu: natafuta benki, SACCO au mkopeshaji anayekubali ankara za chini ya shilingi 300,000 kila moja. Kama unamfahamu mtu anayefanya kazi hiyo, tafadhali niunganishe kabla ya tarehe 15 Oktoba. Ujumbe wa kumtumia uko hapa chini, unaweza kuunakili ulivyo.
>
> "Habari. Kuna kampuni ya viazi Nakuru ninayoifahamu ambayo inadai hoteli tatu jumla ya shilingi 640,000, ankara za siku 30 hadi 45. Hoteli hizo zimekuwa zikilipa. Wanatafuta wa kuwapa pesa mapema juu ya ankara hizo. Je, naweza kuwaunganisha?"

Linganisha mambo madogo yaliyomo. Mtu anayetafutwa ametajwa kwa kazi yake. Kiasi kimetajwa, hivyo anayejua kwamba rafiki yake hashughuliki na ankara ndogo hatapoteza muda. Siku ya mwisho imetajwa, na ni siku kumi tangu barua, si mwisho wa mwezi ambapo barua nyingine itakuwa njiani. Na mwekezaji hahitaji kutunga chochote. Huo ujumbe wa kunakili ndio uliofanya kazi, naamini hivyo kabisa. Watu hawakatai kusaidia, huahirisha kuandika.

Kwa nini ombi moja? Miezi ya nyuma niliwahi kuweka manne: pikapu ya pili, wateja, mhasibu wa muda, na ushauri kuhusu stoo ya baridi. Nilijibiwa "kazi nzuri, endeleeni" na watu watatu. Kila mmoja alidhani mwenzake atachukua lile lililo rahisi.

Kuhusu namna ya kutuma, nimejaribu tatu. Kundi la WhatsApp lina kasi, lakini namba za mwezi hupotea chini ya salamu za Jumapili, na ukitaka kutazama Juni ilikuwaje utasogeza skrini mpaka kidole kiume. Faili la PDF lililoambatishwa ni la heshima, ila kwenye simu yenye bando dogo watu huahirisha kulifungua. Barua pepe yenye jedwali ndani ndiyo niliyobaki nayo, anwani zote zikiwa kwenye nakala fiche ili jibu la mmoja lisiwe mkutano wa wote. Mwalimu bado namsomea kwa simu. Huwa tunamaliza kwa dakika nne, na swali lake la kwanza hunionyesha nilipokosea.

Tarehe nayo ni uchaguzi. Ukingoja hesabu zifungwe vizuri, barua itatoka baada ya tarehe 20 na habari zake zitakuwa zimechacha. Ukituma tarehe 5, utakuwa na taarifa ya benki na ya M-Pesa ya mwezi mzima, lakini baadhi ya ankara za wasambazaji zitakuwa hazijafika. Mimi hutuma tarehe 5 na kuandika juu ya jedwali "kabla ya kufunga vitabu". Namba ikibadilika, mwezi unaofuata naonyesha ya zamani na mpya pamoja. Nimewahi kubadilisha kimyakimya mara moja, namba ndogo tu ya mafuta, na yule wa ughaibuni akaiona, kwa sababu anazinakili kwenye spredishiti yake mwenyewe.

Je, barua ya kwanza haina kazi? Inayo. Kwa mtu mpya ambaye bado hajaweka pesa na hajui shangi ni nini, masimulizi na picha za magunia vina nafasi. Kwa mkutano wa mwisho wa mwaka pia. Kwa walio ndani tayari, kila mwezi, chukua ya pili. Na kuna mwezi ambao hakuna barua inayofaa: pesa ikibaki ya mwezi mmoja, mwenzako akiondoka, au kukiwa na wizi. Hapo piga simu kwa kila mmoja kwanza, kwa sauti yako, kisha andika. Mtu mzima kama mwalimu hapaswi kupata habari ya namna hiyo kwenye jedwali.

Barua ilipotoka, wawili walijibu siku ileile. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini alituunganisha na mkopeshaji. Mkopeshaji huyo aliomba kila hoteli ithibitishe deni kwa maandishi. Hoteli mbili zilikubali, ya tatu ilikataa kutia sahihi chochote. Ankara za hizo mbili zilikuwa 450,000. Tukapewa asilimia 80, yaani 360,000, kwa ada ya asilimia 3 kwa mwezi.

Mwisho wa Oktoba pesa benki ikaonekana nono, na mkono ulinicheza kuiandika hivyohivyo kwenye mstari wa nne. Pesa ile si ya mteja na si mauzo. Mauzo yake yalikwisha kuhesabiwa Septemba. Jedwali likaongezeka mstari wa saba, chini kabisa: "Kati ya pesa iliyo benki, za kukopa: 360,000."